Shajara ya mradi: beti za Suratul Maun kwenye madrasa yetu hapa Arua

Kabla ya kuanza

Jamani mradi wenyewe ni huu. Watoto wetu wa madrasa, wale wa miaka minane hadi kumi na mbili hivi, wamehifadhi nusu ya Juzuu Amma na wengine zaidi, sauti nzuri, tajwidi inaenda vizuri tu, lakini ukimuuliza mtoto hii sura uliyoisoma sasa hivi inasema nini anakutazama tu machoni. Nyumbani huyu anaongea Kilugbara, yule Kinubi, mwingine Kiaringa au Kikakwa, kuna na waliovuka kutoka upande wa Kongo, na wakikutana uwanjani wote ni Kiswahili. Basi nimekaa na ustadhi wetu tukakubaliana tujaribu sura moja tu, tuitungie beti za Kiswahili zenye vina, mtoto azishike kama anavyoshika nyimbo za kuruka kamba, halafu tupime kama maana imeingia au ni kelele tu.

Tumechagua Suratul Maun, sura ya 107, aya 7. Sababu ni kwamba mambo yake mtoto anayaona kila siku: yatima, chakula, swala, mtu wa kujionyesha, na vitu vya kuazimana kwa jirani. Sura nyingine fupi zinataka maelezo marefu kwanza, hii hapana.

Umbo ni utenzi wa kawaida tuliouzoea, kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake ambacho kinarudi mwisho wa kila ubeti hadi utenzi uishe. Kina cha mwisho nimekiweka -ni kwa makusudi, maana aya zenyewe zinaishia dini, miskini, musallina, sahuna, yurauna, mauna, na ukisimama kwenye kila moja unasikia nuni, ila ya pili tu, yatimu, inaishia na mimu. Kwa hiyo sikio la mtoto tayari lina nuni ndani na ubeti unaikuta huko huko.

Ustadhi ametoa masharti mawili na hakutaka mchezo. La kwanza, kila neno la ubeti nimwonyeshe liko kwenye aya gani au kwenye maelezo gani ya wanachuoni, na neno lililoletwa na kina peke yake linatoka. La pili, beti zisisomwe kwa sauti ya tajwidi hata kidogo, mtoto asije akachanganya maneno ya watu na maneno ya Mwenyezi Mungu. Mwenyewe hana shida na kufundisha kwa shairi, alisoma tajwidi kwa Tuhfatul Atfal ya Sheikh Sulayman al-Jamzuri, ile ya beti 61, na mpaka leo ukimuuliza hukumu ya nuni sakina anakujibu kwanza kwa ubeti ndio anaeleza.

Ubeti wa kwanza na wa pili

Ubeti wa kwanza unabeba aya ya kwanza peke yake:

Hivi wewe umemwona
anayesema hakuna
malipo ya Maulana
akaikanusha dini?

Aya inauliza swali na ubeti nao nimeuacha uulize, mtoto akifika mwisho sauti inapanda na anabaki anataka kujua ni nani huyo. Neno dini hapa wafasiri wengi wanalieleza kuwa ni malipo na hesabu ya Kiyama, ila mtoto akisikia dini anawaza dini ya Kiislamu tu, ndiyo maana kipande cha tatu kinataja malipo kabla dini haijafika.

Ubeti wa pili ulisumbua. Kipande cha kwanza kilikuwa "Ndiye amsukumaye", ukihesabu kwenye karatasi ni mizani nane sawa, ile m ya katikati inahesabiwa peke yake. Lakini watoto wengi wanaimeza, wanasema am-su kwa pigo moja, basi wanabaki na mizani saba na kundi zima linapoteza mwendo kwa sababu tunagonga paja kwa kila mizani. Ukiona mikono haianguki pamoja ujue kuna silabi imemezwa, hiyo ndiyo dalili na haidanganyi. Cha pili kilikuwa "yatima hadi alie", kinatiririka vizuri sana, watoto walikipenda, ustadhi akakipiga mstari. Akaniuliza, kulia kuko wapi kwenye aya? Aya inasema anamsukuma kwa ukali, kulia umeleta wewe. Tukabadilisha vyote viwili:

Ndiye huyo asukuma
yatima bila huruma,
kuhimiza amegoma
chakula cha masikini.

Bila huruma imepita kwa sababu ule ukali umo ndani ya neno lenyewe la aya, yaduu, si kusukuma kwa bahati mbaya. Na masikini ni lazima itamkwe kwa silabi nne, mtoto wa mjini anasema maskini na kipande kinapungua tena, kwa hiyo hapo tunakwenda polepole.

Kipande cha tatu ndicho nilichokipigania. Aya ya tatu haisemi hatoi chakula, inasema hahimizi kulisha masikini, na kwa watoto hawa hiyo tofauti ni kubwa. Mara ya kwanza tunaeleza, mtoto mmoja akajibu haraka, "Ustadhi mimi sina pesa, hiyo aya hainihusu." Ustadhi akamwambia, "Pesa sijakuuliza, mdomo unao?" Akaeleza kwamba asiye na kitu anaweza kumwambia mama, anaweza kumwambia mwenye duka, anaweza kumkumbusha kaka yake, huko ndiko kuhimiza. Kama ubeti ungesema "hatoi" darasa zima lingejitoa kwenye aya.

Ubeti wa tatu, hapa ndipo penye kazi

Aya ya nne peke yake inasema ole wao wanaoswali. Ukikata hapo umepindua maana yote, maana wanaokusudiwa wanatajwa kwenye aya ya tano, wale wanaoipuuza swala yao. Walimu wa tajwidi mahali hapa wanapatolea mfano kila siku. Wapo wanaoruhusu kupumua kwa kuwa ni mwisho wa aya, wapo wanaotaka uunganishe moja kwa moja, lakini wote wanasema usifunge kisomo hapo ukaenda zako.

Sasa ubeti ulivyokuwa mwanzo uliifuata aya hatua kwa hatua:

Ole wao wanoswali
na swala hawaijali

Kwenye karatasi hakuna tatizo, vipande vinafuatana. Tatizo likaja kwenye namna tunavyofundisha, kwa sababu tunaimba kwa kupokezana, upande mmoja unatoa kipande cha kwanza na upande wa pili unajibu cha pili. Mtoto wa upande wa kwanza anarudi nyumbani na cha kwanza tu kichwani. Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja akaja mlangoni baada ya alasiri, mtu mzima mpole tu, akasema, "Mwalimu, huyu mdogo wangu anaimba jikoni ole wao wanoswali, ole wao wanoswali, bibi yake amekasirika anauliza mnawafundisha nini huko." Tukamkaribisha, ustadhi akamsomea aya zote mbili akaelewa, lakini tatizo lilikuwa limeonekana wazi: kwenye beti za watoto kila kipande ni lazima kiweze kusimama chenyewe bila kudanganya, kwa sababu mtoto anashika vipande, hashiki ubeti mzima.

Kuwaambia watoto wasikate hakusaidii, nimeona, mtoto hakati kwa kupenda, anakumbuka tu alichokumbuka. Dawa ni kwenye utungaji. Wanaoswali na kutojali viwe kwenye kipande kimoja, visiachane. Nimekaa nayo muda mrefu usiku umeme umekatika nahesabu kwa vidole, na hii ndiyo iliyosimama:

Waswalio wasojali
swala yao, ole kweli,
wakati huenda mbali
wameiacha njiani.

Jaribu kukata popote. Kipande cha kwanza peke yake kinasema waswalio wasiojali, hakuna ubaya. Cha pili peke yake, swala yao ole kweli, kinahitaji mwenzake lakini hakimtishi mtu anayeswali. Mpangilio wa aya umegeuka kidogo, ole imekuja baadaye, na ustadhi amekubali kwa kuwa hii si tarjuma ya neno kwa neno na aya yenyewe ya Kiarabu mtoto anaisoma kwa mpangilio wake kila siku.

Vipande viwili vya mwisho vina hadithi yake. Nilikuwa na "hawapo nayo moyoni", kina kinakubali na mizani nane ziko. Kabla sijakiandika ubaoni binti mmoja, mtoto wa utulivu sana, akamfuata ustadhi baada ya darasa akamuuliza, "Ustadhi, mimi nikiswali husahau rakaa, nasahau kama ni ya tatu au ya nne, hiyo ole ni yangu?" Alikuwa na hofu ya kweli. Ustadhi akamkalisha chini akamwambia aya imesema wanaghafilika na swala, haikusema wanasahau ndani ya swala, na kuna maneno yaliyopokewa kutoka kwa Ataa bin Dinari anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa tofauti hiyo hiyo. Akamwambia hata Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwahi kutoa salamu kwenye rakaa ya pili, sahaba anayeitwa Dhul Yadain akamuuliza je umesahau au swala imepunguzwa, akakamilisha na akasujudu sijida mbili za kusahau. Kwa hiyo kusahau rakaa kuna sijida yake. Ole ni ya anayeiacha swala mpaka wakati upite na haimuumi.

Baada ya hapo "moyoni" ikatoka, kwa sababu ingewatia hofu watoto wanaojitahidi, na ikaingia ile ya wakati na njia, ambayo ndiyo maelezo ya wafasiri wengi, kuichelewesha mpaka wakati wake utoke. Watoto wenyewe wakaleta mfano bila kuulizwa: magharibi inaingia, mpira bado uwanjani.

Ubeti wa nne

Aya ya sita na ya saba, wanaojionyesha na wanaozuia maun. Maun ni vitu vidogo vya kusaidiana, na Ibn Masud amepokewa akisema kwamba zama za Mtume walikuwa wakihesabu kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Wapo wafasiri walioieleza kuwa ni zaka, ustadhi amewaambia watoto wakubwa jambo hilo, ila kwenye ubeti tumekaa na ndoo, kwa kuwa ina riwaya na ni kitu ambacho hapa Arua kila mtoto ametumwa kukiomba kwa jirani foleni ikiwa ndefu kisimani.

Wataka kuangaliwa,
wakiswali kusifiwa,
ndoo inapotakiwa
hunyima hata jirani.

Kipande cha tatu mwanzo kilikuwa "nacho chombo wakiombwa", na mkiimba kwa kugonga paja ile silabi ya mwisho inaanguka kwa nguvu na darasa zima linasikia mbwa, basi kicheko, na kipande kikikuchekesha kila siku hukumbuki kingine zaidi ya kicheko. Kimeondoka.

Cha nne nilikuwa na kingine ambacho watoto walikipenda kuliko vyote, "husema haimo ndani". Unamwona kabisa mtu amesimama mlangoni anakwambia ndoo haipo na wewe unaiona nyuma yake. Ustadhi alitabasamu, halafu akasema hapana, aya imesema wanazuia, haikusema wanasema uongo, tukiweka uongo mtoto atadhani akinyima kwa kusema kweli kwamba sitaki yuko salama. Sikuwa na jibu, hoja yake ni nzito kuliko uzuri wa kipande changu.

Kupima

Sasa watoto wanaimba beti nne bila kukosea, na hapa ndipo mtu anaweza kujidanganya akasema kazi imeisha. Kuimba si kuelewa. Tumetumia njia kadhaa na mbili ndizo zimetufaa.

Ya kwanza, naimba mimi nabadilisha neno moja, lakini kina na mizani vibaki vile vile. Badala ya "kuhimiza amegoma" nasema "kuhimiza amesoma". Anayeshika sauti tu anapita, anagonga paja lake anaendelea. Anayeshika maana anasimama anasema hapana Mwalimu si hivyo. Mara ya kwanza karibu darasa zima lilipita bila kustuka, na hiyo ilituonyesha kwamba kina kilikuwa kimefanya kazi yake ya kushikisha lakini maana ilikuwa bado mlangoni. Kubadilisha neno ambalo linavunja kina hakupimi kitu, sikio linakataa kabla akili haijafika.

Ya pili, mtoto anaeleza ubeti kwa lugha ya nyumbani kwao bila kuimba, Kilugbara, Kinubi, yoyote, na mwenzake wa lugha hiyo anasikiliza. Kwenye lugha nyingine kina hakipo tena, hakuna cha kujificha nyuma yake. Mvulana mmoja anayeimba kuliko wote alifika kwenye ubeti wa kwanza akasema kwa Kinubi kwamba ni mtu ambaye hana dini. Tukarudi naye kwenye kipande cha malipo, tukamuuliza mtu akijua hakuna wa kumuuliza kesho atamfanyaje yatima leo? Akafikiri, akasema atamsukuma. Hapo ndipo alipoona kwa nini aya ya pili inaanza na huyo ndiye, beti mbili zikaungana kwake, na siku iliyofuata akamweleza mdogo wake vile vile, nilikuwepo nikasikia.

Kitu kingine kilichojitokeza ni kwamba baadhi wanaujua ubeti na wanaijua aya lakini hawajui upi ni wa ipi. Ukisoma aya ya sita na kumwambia taja ubeti wake anaanza kuimba toka mwanzo hadi afike. Kwa hiyo tumebadilisha mwendo wa darasa: ustadhi anasoma aya kwa tajwidi, watoto wanaisoma, kimya kidogo, ndipo mimi naingia na ubeti wake kwa sauti ya kawaida na kugonga paja, halafu tunarudi kwenye aya tena. Aya ya kwanza na ubeti wa kwanza, baada ya hapo ni aya mbili mbili kwa kila ubeti. Kile kimya cha katikati na kule kugonga paja vimesaidia sharti la pili la ustadhi pia, maana kuna mtoto aliyeuliza kama anaweza kusoma beti ndani ya swala baada ya Fatiha, akajibiwa hapana waziwazi, na sasa anayeanza kuvuta sauti ya tajwidi kwenye ubeti wenzake wenyewe wanamrekebisha.

Tulipobadilisha neno mara ya mwisho, "ndoo inapotakiwa" nikaifanya "ndoo inapochukuliwa", wakakataa, lakini hiyo haihesabiki kwa sababu mizani zimezidi na mikono iliwaambia. Nikarudi na "ndoo inapozibuliwa", kosa lile lile. Nikaipata "ndoo inaponunuliwa", nayo imezidi. Mwishoni nikatumia "ndoo inapopakiwa", nane kamili, kina kipo, na wengi wakanisimamisha, wakasema Mwalimu hapakii mtu, anaomba. Wadogo wa mbele bado wanapita. Hao tunakaa nao Jumapili kabla ya wengine hawajafika.

Kinachofuata

Wazazi wanaomba Suratul Fil na rasimu ya ubeti wa kwanza ninayo, ila tumekwama kwenye jina la Abraha, yule aliyeongoza jeshi la tembo. Sura haimtaji, inasema watu wa tembo tu, na ustadhi hataki jina liingie kwenye beti zinazobeba aya. Mimi naona mtoto asiyejua alikuja nani na kwa nini hataelewa ndege wa ababili wametumwa kwa sababu gani. Nimependekeza ubeti mmoja wa utangulizi uimbwe mbali na aya, bila kugonga paja, uwe na kina chake tofauti ili sikio lijue si sehemu ya sura. Amesema nimwandikie kwanza auone.